Gundi ya lebo haiondoki kwa maji pekee

Umeosha chupa ya jamu, karatasi imetoka, lakini kidole bado kinanata. Usiendelee kusugua kwa maji. Gundi ya wanga huyeyuka majini, bali hii inayobaki ni ya jamii ya mpira, nayo hulainishwa na mafuta.

Loweka chupa katika maji vuguvugu yenye sabuni kwa nusu saa, kisha ubandue karatasi. Ikaushe kabisa, kwani maji huzuia mafuta kuifikia gundi. Paka kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia, ngoja dakika 20, halafu sugua kwa kitambaa hadi gundi ijikunje na kutoka. Osha kwa sabuni na maji moto. Kwenye kioo safi maji hutanda. Yakijikusanya matone, mafuta yangalipo, osha tena.

Mkebe wa plastiki utendee vivyo hivyo, ila usiuguse kwa thina wala dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Dawa hiyo ikiwa na asetoni huharibu plastiki za aina fulani, zikafifia kama zilizotiwa ukungu. Mafuta taa nayo huacha harufu itakayoingia kwenye unga au sukari utakayoweka humo.