Uandike, upige simu, au muitane kikaoni?

Chukulia kampuni ya usafirishaji jijini Dar es Salaam. Mhasibu anakagua malipo na kugundua kosa. Sheria ya kazi ya Tanzania inataka saa ya ziada ilipwe angalau mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida, na kazi ya sikukuu ilipwe mara mbili. Kwa miezi mitatu, kompyuta imekuwa ikilipa kila saa ya ziada kana kwamba ni sikukuu. Dereva ambaye saa yake ni shilingi 3,000 alistahili 4,500 kwa saa ya ziada, akalipwa 6,000. Aliyefanya ovataimu ya saa 30 kila mwezi amezidishiwa shilingi 45,000 kwa mwezi, na kwa miezi mitatu ni 135,000. Walioguswa ni watu kumi na wawili, kila mmoja na kiasi chake.

Afisa utumishi anafungua barua pepe na kuandika: “Habari. Tumebaini kuwa mlilipwa zaidi ya stahili yenu. Kiasi hicho kitakatwa kwenye mshahara wa mwezi huu. Samahani kwa usumbufu.” Mistari mitatu, na hakuna uongo hata mmoja ndani yake. Hata hivyo, ikitumwa hivyo, kufikia jioni picha ya skrini itakuwa imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya madereva.

Kwa nini? Mwandishi anaposoma “mlilipwa zaidi” anasikia kichwani sauti yake mwenyewe, sauti ya mtu anayetaka kusahihisha hesabu. Dereva hana sauti hiyo. Anaisoma gereji, amechoka, na anachokiona ni tuhuma: mmechukua kisicho chenu. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha utafiti kuhusu jambo hili hasa. Waliwapa watu sentensi, nyingine za dhati na nyingine za kejeli, wazifikishe kwa wenzao kwa barua pepe au kwa sauti. Watumaji walitarajia kueleweka kwa takribani asilimia 78, kwa njia yoyote ile. Waliosikia sauti walipatia kwa asilimia 73. Waliosoma barua pepe walipatia kwa asilimia 56, yaani juu kidogo tu ya mtu anayebahatisha. Somo lililo kubwa zaidi hapo ni kwamba watumaji wenyewe hawakujua kuwa hawaeleweki.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua njia, jiulize msomaji anakosa nini. Katika miaka ya 1980 Richard Daft na Robert Lengel, wataalamu wa mawasiliano ya ofisini, walitenganisha hali mbili ambazo wengi wetu tunazichanganya. Ya kwanza ni kukosa taarifa: mtu hajui tarehe, kiasi au mahali, na akiambiwa, basi limekwisha. Hapo barua pepe fupi inatosha, tena inashinda njia nyingine zote kwa sababu inabaki. Ya pili ni utata: jambo moja linaweza kuchukuliwa kwa maana mbili au tatu, na kumwongezea mtu takwimu hakumsaidii. Anahitaji kuuliza, kujibiwa papo hapo na kuuliza tena. Huko ndiko simu na kikao vinakofaa.

Tuurudie mfano wetu kwa kipimo hicho. Kiasi anachodaiwa kila mtu ni taarifa. Lakini kosa ni la nani, fedha zitarudishwaje, na je, kuna anayeshukiwa? Hayo ni utata. Tena kuna jambo la sheria: kwa kawaida mwajiri hawezi kukata mshahara kwa ajili ya deni bila mfanyakazi kuridhia kwa maandishi. Ile barua pepe ya kwanza ilikuwa inatangaza uamuzi ambao ulipaswa kujadiliwa kwanza.

Afisa utumishi makini ataanza na simu, na hatawapigia wote. Atampigia yule atakayeumia zaidi. Tuseme ni dereva mmoja mtu mzima aliyefanya saa 50 za ziada kila mwezi, ambaye sasa anadaiwa shilingi 225,000 huku akiwa na mkopo anaoendelea kuulipa. Mtu kama huyo hapaswi kulisikia jambo lake kwa mara ya kwanza mbele ya watu. “Shikamoo, mzee wangu. Uko barabarani, au umeegesha? Nina jambo la mshahara. Si adhabu, na kosa ni la ofisi.” Sentensi hizo mbili za mwisho lazima zije mapema, kwani mtu akisikia neno “mshahara” peke yake, masikio yanaziba. Kisha amweleze kosa lilivyotokea, amwachie nafasi ya kuongea, na amuulize makato ya kiasi gani anayamudu. Simu ina udhaifu wake: haifai kwa hesabu ndefu. Akianza kumsomea miezi mitatu ya tarakimu, wote wawili watakata simu wakiwa na jumla tofauti. Tarakimu zisubiri karatasi.

Baada ya hapo ndipo kikao. Kinahitajika kwa kuwa madereva wote wanaguswa na uamuzi mmoja, na kila mmoja atataka kujua kama mwenzake ametendewa sawa. Nusu saa inatosha iwapo kuna mambo matatu tu mezani: kosa lilitokeaje, kila mtu atapewa wapi hesabu yake, na marejesho yagawanywe kwa miezi mingapi. Kiasi cha kila mtu kisisomwe hadharani. Kila mmoja apewe karatasi yake. Afisa asidanganywe na ukimya pia. Mbele ya meneja, vijana wengi hunyamaza kwa heshima, na kunyamaza si kukubali. Atangaze kuwa atabaki ofisini baada ya kikao kwa mwenye la kusema peke yake.

Sasa barua pepe fupi inapata kazi yake. Kila mmoja aandikiwe ya kwake: “Kama tulivyokubaliana leo kikaoni, ulizidishiwa shilingi 135,000 kwa kosa la ofisi. Utarejesha shilingi 22,500 kwa mwezi kwa miezi sita, kuanzia mshahara ujao. Fomu ya ridhaa imeambatishwa. Kama kuna nilichokielewa vibaya, nijulishe kabla ya Ijumaa.” Maneno karibu ni yale yale ya mwanzo, lakini sasa yanamkuta mtu anayejua maana yake.

Ukikosea njia, dalili huonekana haraka. Jibu la tatu kwenye barua pepe likiwa bado linauliza “una maana gani?”, au mtu akianza kumwekea bosi nakala, acha kuandika na upige simu. Simu ikiisha na kila mmoja ana kumbukumbu yake, andika mistari michache siku hiyo hiyo. Na kikao ambacho mmoja anasoma huku wengine wakitikisa vichwa kingetosha kuwa barua pepe.

Utaratibu huu wa sauti kwanza na maandishi baadaye una mipaka. Anayelalamikia unyanyasaji aanze kwa maandishi, maana anahitaji ushahidi wenye tarehe, na hapaswi kulazimishwa kukaa ana kwa ana na anayemtuhumu. Mwenzako asiyesikia vizuri mwandikie, kisha muulize angependa mjadiliane vipi. Na anayeongea Kiswahili kwa shida huenda akakushukuru ukimtumia maelezo siku moja kabla ya kikao, apate muda wa kuyasoma na kuandaa maswali yake.