Mguu Utue Ngoma Inapolia

Kabla ya kuchora hatua yoyote ya dansi kwenye katuni, piga hesabu: pigo moja la muziki linachukua fremu ngapi? Filamu huenda kwa fremu 24 kwa sekunde. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una mapigo mawili kila sekunde, kwa hiyo pigo moja ni fremu 12. Ndiyo maana muziki hutangulia kuchora. Walt Disney alipotoa katuni ya mifupa inayocheza mwaka 1929, mpangilio wa mapigo ya Carl Stalling na michoro ya Ub Iwerks ilikwenda sambamba.

Tuchukue hatua rahisi ya pembeni: kulia, gusa, kushoto, gusa. Mapigo manne, fremu 48. Mguu wa kulia unatua fremu ya 1, wa kushoto unagusa ya 13, kisha unakanyaga upande wake ya 25, na wa kulia unagusa ya 37. Hizo ndizo pozi kuu. Kinachozipa uhai ni kilichopo katikati yake. Kiuno kipande juu taratibu hadi karibu fremu ya 8, kisha kishuke haraka, mguu utue kwenye pigo, na mwili uzame fremu mbili zaidi baada ya mguu kugusa chini. Ukigawa mwendo sawasawa kati ya pozi na pozi, mchezaji ataonekana anaelea, hata kama kila pozi iko kwenye fremu yake. Ikiwa dansi yote inaonekana kuchelewa kidogo, sogeza pozi zote mbele ya sauti kwa fremu moja au mbili. Jicho hulikubali hilo.

Kwenye kurudia ndipo wengi hukwama. Fremu ya 49 lazima ifanane kabisa na ya 1, lakini isichezwe. Ukiiacha ichezwe, pozi ileile inaonekana mara mbili, na kila duru inachelewa fremu moja. Baada ya duru 12, sekunde 24 tu, mchezaji yuko nyuma kwa pigo zima. Mikono nayo hufuata mwili kwa kuchelewa kama fremu mbili, hivyo mkono wa pigo la mwisho unamalizia safari yake katika fremu ya 3 ya duru inayofuata. Weka pozi ya mkono kwenye 3 na kwenye 51 zikiwa sawa, la sivyo utaruka.

Wimbo wa mapigo 100 ni mgumu zaidi: pigo linakuwa fremu 14.4, na mapigo manne hayafikii fremu kamili. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, omba mapigo 90, 96 au 120. Halafu uuache mzunguko ucheze pamoja na wimbo dakika nzima kabla ya kuukabidhi. Duru mbili tatu hazifichui kosa la fremu moja.