Stima ilipopotea, mtoto alilala mapema

Mwezi mmoja uliopita stima ilipotea mtaani kwetu kabla ya Magharibi na haikurudi hadi alfajiri. Simu zilikuwa zimeisha chaji. Mwanangu wa mwisho, mwenye miaka miwili na nusu, alilia kidogo akitaka katuni zake, kisha akakaa mkekani na nyanyake akichezea vifuniko vya sufuria. Saa tatu kasorobo alikuwa amelala. Siku za kawaida tunapigana naye hadi karibu saa tano.

Nilidhani ni bahati. Wiki iliyofuata stima ikapotea tena na mtoto akalala mapema vile vile. Hapo ndipo nilipochukua daftari nikaanza kuandika anapolala, anapoamka, na anapopewa simu. Ninayoyaeleza hapa yametoka katika daftari hilo na katika yale ambayo watafiti wa usingizi wa watoto wameyapima.

Hali ilikuwa hivi. Mchana mtoto alilala saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu. Baada ya Magharibi mama yake huwa jikoni, nami huwa msikitini au barazani nikingoja Isha, kwa hivyo mtoto hupewa simu ili atulie. Hukaa nayo hadi saa tatu, wakati mwingine saa nne. Tukimnyang'anya anajitupa chini. Usingizi ulimchukua kama saa tano kasorobo, na saa moja asubuhi yuko macho. Ukijumlisha usiku na mchana, alipata saa 9 na dakika 45. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Mwongozo huo huo unasema mtoto aliyetimiza miaka miwili asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na chini ya hapo ni bora zaidi. Wetu alikuwa akizimaliza mbili kabla ya kulala.

Simu inamzuiaje mtoto kulala? Njia ni tatu, na ni vizuri kuzitenganisha kwa sababu kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni mwanga. Giza likiingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huuambia mwili kwamba usiku umefika. Mwanga wa jioni huizuia. Jicho la mtoto mdogo hupitisha mwanga mwingi kuliko letu, kwa hivyo yeye huathirika zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, waliwaweka watoto wa miaka mitatu hadi mitano mbele ya mwanga mkali kwa saa moja kabla ya kulala. Melatonini yao ilishuka kwa karibu asilimia 90, na dakika 50 baada ya mwanga kuondolewa, kwa wengi ilikuwa bado haijarudi. Watoto walikuwa wachache, na mwanga ule ulikuwa mkali kuliko wa simu, basi tusiseme simu hufanya kiasi kile kile. Lakini tunajifunza kwamba kuzima simu na kumlaza mtoto dakika hiyo hiyo hakutoshi. Mwili wake bado unadhani ni mchana.

Ya pili ni kile anachokitazama. Hadithi ya nyanya ina mwisho, na mtoto anaujua. Katuni za simuni hazina mwisho, moja ikiisha nyingine inaanza yenyewe. Kwa hivyo kila usiku ni lazima mzazi aikatize, na saa ya kulala inageuka kuwa saa ya kunyang'anywa. Mtoto anachokigombania ni simu, wala si kitanda.

Ya tatu hatuioni sana. Mtoto anayesinzia huku simu ikiwaka hujifunza kwamba usingizi huja na simu. Watoto wote huzinduka kidogo mara kadhaa usiku na kurudi kulala wenyewe. Huyu akizinduka akakuta giza na kimya, anakosa kile alicholalia. Analia, na mzazi aliyechoka anamwashia tena.

Mwaka 2024 watafiti wa Uingereza, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Bath na Birkbeck, walitoa matokeo ya jaribio la familia 105 zenye watoto wa miezi 16 hadi 30. Baadhi ya familia ziliondoa skrini katika saa ya mwisho kabla ya kulala na kuweka michezo ya utulivu mahali pake. Usingizi wa watoto hao uliboreka kiasi, na kuamka usiku kulipungua. Ni nafuu ya wastani, haikuwa muujiza, lakini haina gharama.

Nyumbani tulibadilisha mambo mawili, moja baada ya jingine ili tujue lipi limefanya kazi. Wiki ya kwanza tulisogeza usingizi wa mchana, ukawa saa saba na nusu hadi saa tisa. Mtoto aliyeamka saa kumi na moja na nusu hawezi kuwa na usingizi saa mbili, hata bila simu. Peke yake hatua hiyo ilituletea nusu saa tu, akawa analala saa nne na robo.

Wiki ya pili simu ikafungiwa kabatini Magharibi ikiadhiniwa. Huku Pwani Magharibi huingia kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, kwa hivyo mtoto hahitaji kujua saa, adhana inamtosha. Runinga ya sebuleni pia ikazimwa, maana mtoto haoni tofauti kati ya simu yake na taarifa ya habari ya babake. Mimi nikawa narudi nyumbani baada ya Magharibi badala ya kukaa barazani. Anaoga, anakula, tunapunguza taa, tunahesabu vifuniko vya sufuria, na saa mbili na robo anaingia kitandani.

Usiku wa kwanza alilia dakika 40. Wa pili alilia zaidi, na hapo ndipo wengi hurudisha simu. Ukiirudisha, mtoto amejifunza kwamba kilio cha dakika 50 hulipa. Usiku wa tano aliuliza mara moja tu. Sasa hulala kama saa tatu kasoro dakika 20 na kuamka saa kumi na mbili na nusu. Na mchana wake, jumla ni saa 11 na dakika 20.

Si kila mtoto asiyelala ameharibiwa na simu. Akikoroma kila usiku, akilala mdomo wazi, akijikuna sana au akishika sikio, mpeleke kliniki kwanza. Na kama umeondoa skrini wiki mbili bila nafuu yoyote, tafuta sababu nyingine.

Mtume wetu (S.A.W) alitufunza kuwazuia watoto ndani usiku unapoingia na kuzima taa tunapolala. Kwangu mimi, aliyeiwasha taa ile ya mwisho na kumpa mtoto mkononi ili nipate nafasi ya kukaa barazani alikuwa ni mimi mwenyewe.