Zamu za Kazi na Saa ya Mwili

Saa iliyo ndani ya mwili huzidi kidogo saa 24. Kwa hiyo kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi, na zamu zinazosonga mbele, yaani asubuhi, jioni, kisha usiku, huchosha kidogo kuliko zinazorudi nyuma.

Tutazame mfano. Mlinzi anayetoka zamu ya asubuhi saa 8 mchana na kuingia ya jioni kesho yake saa 8, amepata saa 24. Zikirudi nyuma, anayetoka jioni saa 2 usiku huingia saa 1 asubuhi: ni saa 11 tu za safari, chakula na usingizi.

Hata hivyo, zamu ya usiku huchosha vyovyote. Anayelala mchana tumpe chumba chenye giza na utulivu.