Chuma Kilichomo Katika Bomba, na Jinsi ya Kukijua Bila ya Kulikata

Katika nchi ya Nakuru, Njoro na Gilgil, maji ya chini ya ardhi mara nyingi hupatikana mbali sana, na si ajabu kisima kilichochimbwa kwa mashine kupita mita 100. Pampu hushushwa humo ikining'inia kwenye mabomba ya chuma, moja chini ya lingine, na siku pampu inapoharibika hapana budi mabomba yote yavutwe juu. Basi wenye kisima wana maswali mawili ambayo ni vema wayajue majibu yake mapema. Je, mabomba waliyouziwa yana chuma cha kutosha? Na je, mtambo wa mnyororo watakaoutumia kuyavuta utauweza uzito wake? Maswali yote mawili yana jibu katika hesabu moja.

Bomba ni kama gogo la chuma lililotobolewa katikati toka mwanzo hata mwisho. Kwa hiyo chuma kilichomo ni gogo zima kutoa tundu. Ili kupata ujazo wa gogo, chukua nusu ya kipenyo cha nje, izidishe yenyewe kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 3.1416, kisha kwa urefu. Tundu nalo hupimwa vivyo hivyo kwa nusu ya kipenyo cha ndani. Ukitoa la pili katika la kwanza, kinachobaki ni chuma. Wenye kupenda ufupi huandika hivi, R ikiwa nusu ya kipenyo cha nje, r ya ndani, na L urefu:

V = π × (R² − r²) × L

Tuchukue bomba la inchi mbili ambalo mafundi wengi hulitumia kisimani. Neno "inchi mbili" ni jina tu, wala si kipimo chake cha kweli: kwa nje bomba hilo lina kipenyo cha milimita 60.3. La unene wa kati lina ukuta wa milimita 3.6, na urefu wake ni mita 6. Tuvigeuze vipimo vyote viwe sentimita kabla ya kuanza, maana anayechanganya milimita na mita katika hesabu moja hapati jibu la kweli. Nusu ya kipenyo cha nje ni 3.015. Tukiondoa ukuta wa 0.36, nusu ya kipenyo cha ndani ni 2.655. Urefu ni 600.

Gogo zima lina sentimita za ujazo 17,135, yaani lita 17.1. Tundu lina 13,287, yaani lita 13.3. Chuma basi ni 3,848. Sentimita moja ya ujazo ya chuma cha pua ina uzito wa gramu 7.85, kwa hiyo bomba moja lina kilo 30.2 za chuma.

Sasa tuseme kamati ya kisima imelipia mabomba ya unene huo, lakini yakaletwa yenye ukuta wa milimita 2.9. Ukiyatazama kwa nje huwezi kuyatofautisha, kwa kuwa kipenyo cha nje ni kile kile, na meno ya kuungia ni yale yale. Lakini fanya hesabu upya, nusu ya kipenyo cha ndani ikiwa 2.725, nawe utapata kilo 24.6 tu. Sehemu saba za kumi za milimita moja zimepunguza karibu kilo 5.6 katika kila bomba, na chuma hicho ndicho kilichotazamiwa kustahimili kutu na kubeba mabomba yaliyo chini yake. Kwa sababu hiyo mnunuzi mwangalifu huomba mizani. Asishangae akikuta bomba la unene wa kati limezidi kilo 30 kidogo: zinki iliyopakwa ndani na nje huongeza karibu kilo moja, na soketi iliyofungwa mwishoni nayo ina uzito wake. Akikuta kilo 26, hapo ana haki ya kuuliza.

Pasipo na mizani, maji yatatosha. Ziba mwisho mmoja kwa kizibo cha mti kilichofungiwa mpira, lisimamishe bomba, ulijaze ukihesabu lita. La unene wa kati litachukua lita 13.3, lile jembamba 14. Tofauti ni ndogo, kwa hiyo pima kwa chombo chenye alama za kuaminika, si kwa debe.

Makosa ya hesabu hii yanajulikana, na kila moja lina dalili yake. La kwanza ni kutoa r katika R kwanza, kisha kuzidisha kinachobaki chenyewe kwa chenyewe. Afanyaye hivyo katika mfano wetu atapata bomba la kilo 1.9, ambalo mtoto angeliinua kwa mkono mmoja. La pili ni kusahau kugawanya kipenyo kwa mbili. Hapo jibu huwa mara nne, kilo 121. La tatu ni la kupima, nalo ndilo baya kuliko yote: kupima unene mahali penye meno, au penye kingo zilizokunjwa ndani na msumeno. Kosa la nusu milimita katika kipenyo cha nje halidhuru sana. Katika unene wa ukuta ni kosa kubwa.

Lakini mizani nayo haisemi yote. Kama tundu halikukaa katikati, upande mmoja ukawa mnene na wa pili mwembamba, ujazo wa chuma haubadiliki hata kidogo. Ni lazima unene upimwe mahali pengi kuzunguka mdomo.

Turudi kisimani. Mabomba 20 hufika mita 120, na chuma chake ni kilo 604. Pampu ikiwa na vali isiyorudisha maji, mabomba huvutwa yakiwa yamejaa, na hayo maji ni lita 266, yaani kilo 266. Jumla imekwisha fika kilo 870, kabla hatujaitaja pampu yenyewe, waya wake na soketi. Wanaofunga mtambo wa nusu tani juu ya miguu mitatu ya miti, kwa kuwa bomba moja hubebwa na watu wawili bila ya taabu, wanaihatarisha mikono yao na kisima chao pia.

Kwa bomba ambalo ukuta wake ni mwembamba kuliko upana wake iko njia fupi. Fikiria umelipasua bomba kwa urefu na kulikunjua kama bati: upana wa bati hilo ni mzingo uliopo katikati ya ule wa nje na ule wa ndani. Zidisha upana huo kwa unene na urefu, na jibu ni lile lile. Tuijaribu huko Olkaria, karibu na Naivasha, ambako visima vya mvuke vilianza kuchimbwa mwaka 1956 na umeme ukaanza kutolewa mwaka 1981. Bomba la kisima cha mvuke lenye kipenyo cha nje cha sentimita 24.45 na ukuta wa sentimita 1.2 hivi lina mzingo wa kati wa sentimita 73. Kila mita yake ina kilo 69 za chuma, na yakishushwa mita 800, mlingoti wa mashine ya kuchimbia hubeba tani 55.