Kwa Nini Koili Huchaguliwa kwa Asilimia Thelathini

Kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki huuzwa kibao kidogo cha kushushia volti, hakifiki hata sentimita tano kwa urefu. Kina chipu nyeusi ya miguu mitano iliyoandikwa LM2596, dayodi moja, kapasita mbili za mkebe, na koili: waya wa shaba uliozungushiwa kiini cheusi cha sumaku. Mafundi wengi wa redio na sola wanakijua. Unakiunga kwenye betri ya gari ya volti 12, unageuza skrubu ndogo ya shaba huku mita ikiwa upande wa pili, na volti 5 za kuchajia simu zinatokea.

Swali la kwanza ambalo mtu hujiuliza ni hizo volti 7 zimekwenda wapi. Katika regyuleta ya zamani kama 7805 jibu lake ni chungu: zimechomwa. Simu ikivuta ampea 1, betri inatoa wati 12, wati 5 zinaifikia simu na wati 7 zinabaki kwenye regyuleta kama joto. Ndiyo maana hufungwa kwenye kipande kinene cha bati la kupozea, na bado huunguza kidole. Kibao chetu hakichomi hivyo. Kwa mujibu wa watengenezaji wa LM2596, kikipewa volti 12 na kutoa volti 5, takriban asilimia 80 ya umeme unaoingia hutoka upande wa pili ukiwa na kazi ya kufanya.

Siri yake ni kwamba hakipunguzi volti kwa kuzibana. Kinawasha na kuzima. Ndani ya chipu kuna transista inayofanya kazi ya swichi, nayo huunganisha betri na koili kisha huikata, mara 150,000 kwa sekunde.

Ukitaka kuelewa koili inafanya nini hapo, mtazame fundi cherehani anayetumia mashine ya miguu. Mguu wake haukandamizi kwa nguvu ileile wakati wote. Unasukuma, unalegea, unasukuma tena. Lakini gurudumu zito la pembeni halisimami kila mguu unapolegea, na sindano inaendelea kushona. Koili ni gurudumu hilo. Mkondo wa umeme ukishaanza kupita ndani yake haukubali kubadilika ghafla: unapanda polepole ukisukumwa, na ukiachwa unashuka polepole. Swichi inapofunguka, koili bado inaulazimisha mkondo uendelee mbele kuelekea kwenye simu, na njia ya kuzungukia huipata kupitia dayodi. Nguvu iliyokuwa imehifadhiwa kwenye sumaku ya kiini ndiyo inayotumika wakati huo.

Sasa tuweke tarakimu, kwa sababu hapa ndipo utamu ulipo. Simu mbili zinavuta ampea 2 kwa volti 5. Mzunguko mmoja wa kuwasha na kuzima huchukua maikrosekunde 6.67, yaani sehemu sita na ushei za milioni ya sekunde. Swichi inapokuwa imefungwa, upande mmoja wa koili una volti 12 na wa pili una volti 5, hivyo koili inasukumwa na tofauti ya volti 7 na mkondo wake unapanda. Swichi ikifunguka, upande wa kwanza unashuka hadi karibu na sifuri, na volti 5 za upande wa pili zinauvuta mkondo chini. Tumepuuza upotevu mdogo wa dayodi na swichi ili hesabu isituchoshe.

Mzigo ukiwa hauyumbi, kiasi mkondo unachopanda lazima kilingane na kiasi unachoshuka, la sivyo ungeendelea kukua bila kikomo au kufifia. Kwa hiyo volti 7 zikizidishwa kwa muda wa kuwasha lazima zilingane na volti 5 zikizidishwa kwa muda wa kuzima. Kuwasha kunatoka maikrosekunde 2.78, kuzima 3.89. Piga hesabu: pande zote mbili zinakaribia 19.5. Na uwiano wa muda wa kuwasha kwa mzunguko mzima, 2.78 kwa 6.67, ni uleule wa 5 kwa 12. Volti inayotoka huamuliwa na muda swichi inaoachwa imefungwa. Ule ugeuzaji wa skrubu humwambia chipu volti ngapi unataka, naye anatafuta muda unaofaa.

Ukubwa wa koili haujaingia popote kwenye uwiano huo. Koili kubwa au ndogo, volti 5 zitatoka. Kinachobadilika ni jinsi mkondo unavyoyumba ndani yake. Mkondo wa koili hauko tuli kwenye ampea 2. Unapanda na kushuka kama meno ya msumeno, na ampea 2 ni wastani tu. Tofauti kati ya ncha ya juu na ya chini ya jino ndiyo tutakayoiita wimbi la mkondo. Kanuni yake ni fupi:

```
ΔI = (Vin − Vout) × t_on / L
```

Koili, yaani L, ikiwa kubwa, wimbi linakuwa dogo. Anayebuni kibao huanza kinyume: anachagua kwanza wimbi analolitaka, kisha anatafuta koili itakayolitoa. Na karibu kila mwongozo utamwambia achague wimbi lenye asilimia 20 hadi 40 ya mkondo mkubwa wa mzigo, wengi wakisimama kwenye 30. Nilipokuwa najifunza kazi hii nilikariri hiyo 30 kwa miaka bila kujua ilikotoka, na naamini wapo mafundi wazuri wanaoikariri hadi leo. Inafaa kuijua.

Ukubwa wa mwili wa koili hutegemea nguvu ambayo kiini chake lazima kiihifadhi mkondo unapofika kileleni. Nguvu hiyo ni nusu ya L ikizidishwa kwa mkondo wa kilele mara mbili. Tuseme tunataka wimbi dogo kabisa, asilimia 10, yaani ampea 0.2. Koili inayohitajika ni ya maikrohenri 97, kilele ni ampea 2.1, na kiini kinabeba maikrojuli 214. Tukikubali asilimia 30, koili inashuka hadi maikrohenri 32, kilele kinapanda kidogo tu hadi ampea 2.3, na mzigo wa kiini unaporomoka hadi maikrojuli 86. Tumepunguza zaidi ya nusu ya koili, na waya wake, na bei yake. Tukiendelea hadi asilimia 60, koili inakuwa ya maikrohenri 16, lakini kilele sasa ni ampea 2.6 na kiini bado kinabeba maikrojuli 55. Faida imepungua sana.

Gharama nayo haipungui, inapanda moja kwa moja pamoja na wimbi. Simu inapokea mkondo uliotulia kwa sababu kapasita ya kutokea ndiyo inayomeza yale meno ya msumeno. Kapasita ya mkebe ina ukinzani wake wa ndani. Ukiwa omu 0.05, wimbi la ampea 0.6 linaitikisa volti ya kutokea kwa milivolti 30, jambo ambalo simu haitalihisi. Wimbi likiwa maradufu, mtikisiko ni maradufu, na joto ndani ya kapasita ni mara nne. Kapasita ya aina hii hukaushwa na joto, na inapokauka ukinzani wake unapanda. Kiini cha koili nacho hupata joto kwa jinsi sumaku yake inavyopanda na kushuka. Kwa hiyo ile asilimia 30 ni pale ambapo koili imekwisha kuwa ndogo kiasi cha kutosha na kapasita bado haijaanza kuteseka. Si namba takatifu. Anayebana nafasi ataisogeza juu, anayelisha redio isiyotaka kelele ataisogeza chini.

Kwa kibao chetu hesabu inasema maikrohenri 32.4, na koili ya dukani iliyo karibu ni ya 33. Hapo wengi huweka kalamu chini, na hapo ndipo kosa linapoingia, kwa sababu volti 12 ni jina tu la betri. Injini ikiwaka, jenereta ya gari inaipandisha hadi kwenye 14.4, na wimbi linafika ampea 0.66. Hilo si tatizo. Tatizo ni pale dereva anapokihamishia kibao kilekile kwenye lori la volti 24, ambalo injini ikiwaka hufika volti 28. Muda wa kuwasha unafupika, lakini koili sasa inasukumwa na volti 23, na wimbi linakuwa ampea 0.83, zaidi ya asilimia 40. Volti ya kuingia ikipanda, wimbi linapanda. Basi koili hupigiwa hesabu kwa volti ya juu kabisa itakayoonekana, na kwa lori letu, ukitaka kubaki kwenye asilimia 30, jibu ni karibu maikrohenri 46. Chukua ya 47.

Namba ya maikrohenri peke yake haitoshi. Kiini cha sumaku kina kikomo, na kikishajaa, koili inaacha kuwa koili na kugeuka waya mtupu. Mkondo unaruka juu ghafla. Viini vya feraiti hujaa kwa kishindo, na vikipata joto kikomo chake hushuka zaidi. Vya unga wa chuma hulegea taratibu. LM2596 yenyewe haiukati mkondo hadi ufike takriban ampea 4.5, kwa hiyo koili yenye kikomo cha ampea 2.5 inaweza kujaa wakati wa kuwaka au waya wa kutokea ukigusana, kabla chipu haijaingilia kati. Ukiwa na osiloskopu utaliona: jino la msumeno linalopaswa kupanda kwa mstari ulionyooka linajikunja kwenda juu karibu na ncha. Asiye na osiloskopu atagundua kwamba chipu inachemka haraka kuliko mzigo unavyostahili, kisha inajizima, inapoa, inawaka tena.

Upande wa pili wa mzigo una dalili zake. Simu zikikaribia kujaa na mkondo ukishuka chini ya ampea 0.3, yaani nusu ya wimbi letu, ncha ya chini ya jino inagusa sifuri. Dayodi hairuhusu mkondo urudi nyuma, hivyo koili inakaa tupu kwa kitambo kabla ya swichi kufungwa tena, na ule uwiano wa 5 kwa 12 haufanyi kazi tena. Chipu inafupisha muda wa kuwasha, na mzigo ukiwa mdogo mno inaweza hata kuruka mizunguko kadhaa. Mizunguko ikirukwa kwa kasi ambayo sikio linaisikia, koili hutoa mlio mwembamba kama wa mbu. Wateja wengi hurudisha kibao kwa sababu ya mlio huo wakidhani kimeharibika. Chomeka simu iliyoisha chaji, na ukinyamaza papo hapo, kibao ni kizima.