Kanuni ya thamani ya mwisho na mahali inapotoa jibu lisilo kweli

Kanuni ya thamani ya mwisho humwezesha mhandisi kujua mfumo utatulia wapi bila kukokotoa safari nzima ya kufika huko. Kasi ya mota, kimo cha maji tangini au joto la tanuri hubadilika kadiri muda unavyokwenda, na mabadiliko hayo, f(t), yanaweza kuandikwa kwa njia nyingine, F(s), kwa kutumia mgeuzo uliopewa jina la Mfaransa Pierre-Simon Laplace. Kanuni inasema hivi: zidisha F(s) kwa s, kisha ifanye s ikaribie sifuri. Namba itakayobaki ndiyo thamani ambayo f(t) itaikaribia baada ya muda mrefu.

lim f(t), t → ∞ = lim sF(s), s → 0

Hesabu yenyewe huchukua mstari mmoja, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mstari huo hutoa jibu hata pale ambapo mfumo hautatulia kamwe. Kanuni imejengwa juu ya sharti kwamba thamani ya mwisho ipo. Haiwezi kuthibitisha kuwa ipo. Inaikuta tu ikiwa imeshathibitishwa kwa njia nyingine.

Mfano mdogo unaonyesha kinachotendeka ndani yake. Chukua F(s) = 5/(s(s+2)). Ukiigawa katika vipande viwili unapata 2.5/s − 2.5/(s+2), na vipande hivyo vikirudishwa kwenye muda vinatoa f(t) = 2.5 − 2.5e^(−2t). Kipande cha pili hufifia haraka, na kinachobaki ni 2.5. Sasa zidisha vipande vyote viwili kwa s. Cha kwanza kinapoteza s yake ya chini na kubaki 2.5 tupu. Cha pili kinapata s juu, hivyo s ikifika sifuri nacho kinatoweka. Kanuni imetoa 2.5, na jibu ni sahihi.

Badilisha alama moja tu: F(s) = 5/(s(s−2)). Vipande vyake ni −2.5/s + 2.5/(s−2), na f(t) = −2.5 + 2.5e^(2t). Kipimo hiki kinaanzia sifuri na kupanda bila kikomo. Kanuni, ikitumiwa kwa kufumba macho, inasema kitatulia kwenye −2.5, namba iliyo chini ya sifuri, mahali ambapo kipimo chenyewe hakijawahi kupita hata mara moja. Sababu ni ileile iliyofanya mfano wa kwanza ufaulu. Kinachosomwa na kanuni ni kile kipande kisichobadilika, yaani namba iliyo juu ya 1/s. Vipande vingine vyote inavifuta, viwe vinafifia au vinakua.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuitumia ni moja: je, vipande vinavyofutwa vinafifia kweli? Jibu liko katika ncha za sF(s), yaani zile thamani za s zinazofanya namba ya chini ya sehemu iwe sifuri. Ncha inaweza kuwa namba changamano, yenye sehemu halisi na sehemu ya kufikirika. Sehemu halisi ikiwa hasi, kipande chake hufifia. Ikiwa chanya, hukua. Ikiwa sifuri, kipande huyumbayumba au hubaki bila kupungua. Sharti la kanuni ni kwamba kila ncha ya sF(s) iwe na sehemu halisi iliyo hasi. Tazama kwamba ncha zinazohesabiwa ni za sF(s). F(s) yenyewe inaruhusiwa kuwa na ncha moja kwenye sifuri, kwa kuwa ile s inayozidishwa huiondoa.

Makosa ya hatari ni yale ambayo jibu lisilo kweli linafanana na jibu la kweli. Fikiria matangi matatu yaliyopangwa kwa ngazi, la kwanza likimwaga maji katika la pili na la pili katika la tatu, kila moja likihitaji takribani dakika moja kuitikia mabadiliko. Kihisi kinapima kimo cha maji katika tangi la tatu. Kidhibiti kinalinganisha kimo hicho na kile kinachotakiwa, kinazidisha tofauti kwa namba K, kisha kinaiamuru pampu inayojaza tangi la kwanza. Muda ukipimwa kwa dakika, na vipimo vikipangwa vizuri, matangi yanaelezwa na 1/(s+1)^3. Maji yakitakiwa kupanda sentimita 10, kimo kinakuwa

Y(s) = (10/s) · K/((s+1)^3 + K)

Kanuni inatoa 10K/(1+K). K ikiwa 4, maji yatapanda sentimita 8 na kukosa 2. Fundi asiyeridhika na upungufu huo anaongeza ukali wa kidhibiti hadi K = 20, na kanuni inamwahidi sentimita 9.5. Namba hiyo inavutia. Iko karibu na lengo, ni bora kuliko ya mwanzo, na haina dalili yoyote ya kasoro. Ukiendelea kuongeza K, ahadi inazidi kuikaribia 10.

Matangi hayafuati ahadi hiyo. Namba ya chini, ikifunguliwa na s ya kanuni ikiwa imeshaondoka, ni s^3 + 3s^2 + 3s + (1+K). Kwa K = 20, kompyuta yenye Octave inaonyesha ncha zake kwa amri moja:

```
roots([1 3 3 21])
```

Majibu ni −3.7144 pamoja na jozi 0.3572 ± 2.3508i. Jozi hiyo ina sehemu halisi iliyo chanya. Maana yake ni kwamba maji yatapanda na kushuka, mzunguko mmoja ukichukua kama dakika 2.7, na ukubwa wa mawimbi utaongezeka maradufu karibu kila dakika mbili. Katika mtambo halisi ukuaji huo hukoma pampu inapofika mwisho wa uwezo wake. Kuanzia hapo inaruka kati ya nguvu kamili na kuzimika, na maji hayatulii. Zile sentimita 9.5 zimo ndani ya hesabu kama mstari ambao mawimbi yanauzunguka, ila hakuna wakati maji yatakaposimama hapo.

Mpaka unaweza kupatikana bila kompyuta. Mwingereza Edward Routh alichapisha njia ya kufanya hivyo mwaka 1877, na Mjerumani Adolf Hurwitz akaifikia kwa namna yake mwaka 1895. Kwa s^3 + as^2 + bs + c, ncha zote ziko upande salama ikiwa a, b na c ni chanya na a × b ni kubwa kuliko c. Hapa 3 × 3 lazima izidi 1 + K, kwa hiyo K isifike 8. Kwa K = 4 sharti limetimia: jozi ya ncha ina sehemu halisi −0.206, maji yanayumba kwa muda, na kadiri ya dakika 20 baadaye yamekaribia kabisa zile sentimita 8. Jibu la kanuni ni la kuaminika kwa sababu ukaguzi umetangulia.

Udanganyifu unakuwa mkubwa zaidi mtu anapotaka kuumaliza upungufu wote. Njia ya kawaida ni kuifanya pampu ifuate jumla ya makosa yanayojikusanya, yaani kuweka K/s mahali pa K. Sasa sY(s) ni 10K/(s(s+1)^3 + K), na s ikiwa sifuri, K ya juu na K ya chini zinaondoana. Jibu ni 10 kamili, K iwe ngapi. Iwe 0.5, iwe 50, jibu ni 10. Hata K ikiwa hasi, yaani nyaya zimeunganishwa kinyume na pampu inapunguza maji pale inapopaswa kuongeza, kanuni bado inasema maji yatafika sentimita 10 barabara. Njia ya Routh inaonyesha ukweli: K lazima iwe kati ya sifuri na 8/9. Nje ya mpaka huo ile 10 ni maneno matupu.

Mpakani penyewe kuna mambo mawili ya kutofautisha. Ncha za kufikirika tupu, kama katika F(s) = 1/(s(s^2+1)), huleta mwendo usiofifia wala kukua. Hapa f(t) = 1 − cos t, inayokwenda na kurudi kati ya 0 na 2 milele, na kanuni inatoa 1. Hiyo ni wastani wa mwendo, taarifa yenye faida ikiitwa kwa jina lake, lakini si thamani ya mwisho. Hali ya pili ni F(s) = 1/s^2, ambayo kwa muda ni f(t) = t. Hapa sF(s) = 1/s inakua bila kikomo s inapokaribia sifuri kutoka upande wa chanya, na f(t) nayo inakua bila kikomo, kwa hiyo ishara hiyo ni ya kweli. Kinyume chake si kweli: kupata namba yenye kikomo hakuthibitishi kwamba kipimo hakikui, kama mfano wa −2.5 ulivyoonyesha.

Mifumo inayopimwa hatua kwa hatua na kompyuta ina kanuni pacha, ambapo (z−1)F(z) hutazamwa z inapokaribia 1. Sharti lake ni kwamba ncha zote za (z−1)F(z) ziwe ndani ya duara lenye nusu kipenyo 1. Mfuatano 1, −1, 1, −1 una F(z) = z/(z+1). Kanuni inatoa sifuri, na mfuatano wenyewe haufiki sifuri hata siku moja.

Kuna mtego mmoja ambao hata ukaguzi wa ncha unaweza kuukosa. Mtambo wenye 1/(s−1) hauna utulivu. Mtu akiweka mbele yake kifaa chenye (s−1)/(s+1), vipande vya (s−1) vinaondoana kwenye karatasi, kinabaki 1/(s+1), na kwa amri ya ukubwa 1 kanuni inaahidi 1. Ncha iliyobaki ni safi. Lakini ile 1 ya mtambo imetokana na vipimo, na vipimo havikosi hitilafu. Ikiwa thamani halisi ni 1.01, kipande cha 0.0049e^(1.01t) kinabaki ndani. Mwanzoni hakionekani, ila muda wa t = 10 ukifika kipimo kimepita 100. Kwa hiyo ncha hukaguliwa katika kila sehemu ya mfumo kabla ya kurahisisha chochote, na ncha yenye sehemu halisi chanya iliyofutwa kwa kuondoana huhesabiwa kana kwamba bado ipo.